Namna ya Kukatwa Ada Tatu kwa Makato Mawili Yaliyorudi

Mwongozo huu ni kwa watu wapole. Nyanda za Juu Kusini tunao wengi, na wana tabia moja ya kustaajabisha. Mtu huyo huyo anayesimama sokoni Mwanjelwa akaitambua lumbesa kwa kuitupia jicho mara moja, akagoma kulipa hata shilingi mia tano ya ziada kwa gunia la viazi, ndiye anayeipokea stetimenti ya benki kwa mikono miwili, akaikunja bila kuisoma na kuitia mfukoni kama cheti cha ubatizo. Mkulima ataulizwa, dalali atahojiwa, mpakiaji atatukanwa. Benki haiulizwi, maana imeandika kwa kompyuta.

Kwa hiyo, ewe mpole, kama nia yako ni kukatwa kwa utulivu bila kumsumbua mtu, fuata hatua zifuatazo. Tutatumia mfano wa mwalimu wa kufikirika wa Iringa mjini, mwenye mkopo kwa taasisi moja ya mikopo jijini Mbeya. Rejesho lake ni shilingi 185,000 kila mwezi. Alipochukua mkopo alisaini fomu ya idhini, inayomruhusu mkopeshaji kuvuta rejesho moja kwa moja kutoka kwenye akaunti ya mwalimu kila tarehe 20. Mshahara wa mwalimu huingia tarehe 24. Aliyepanga tarehe hizo mbili hajulikani, lakini benki inamshukuru sana.

Hatua ya kwanza: Angalia kiasi, basi

Makato yakishindikana, benki hutoa taarifa kwamba yamerudishwa. Inaweza kuja kwa barua, kwa ujumbe wa simu au kwa barua pepe. Ndani yake mna jina la aliyetaka kuvuta pesa, namba ya kumbukumbu ya muamala, tarehe, kiasi kilichoombwa na sababu ya kurudishwa. Mtu mpole husoma kiasi tu. Anaona 185,000, moyo unamwenda mbio, anakimbilia stetimenti kuitafuta 185,000 hiyo. Asipoiona anashusha pumzi: hawakunikata, Mungu mkubwa.

Hapo umefanya vizuri sana, maana umetafuta kitu ambacho hakikupaswa kuwepo. Ile 185,000 ni pesa ambayo haikutoka. Benki nyingine hazionyeshi jaribio hilo kabisa kwenye stetimenti. Nyingine huonyesha mistari miwili, mmoja wa kutoa na mwingine wa kurudisha, na ukiiona yote miwili kwa kiasi kile kile, hakuna neno. Ada yenyewe imekaa chini yake kwenye mstari mwingine, ndogo, yenye maelezo ya kifupi yaliyokatiwa njiani kwa kukosa nafasi, na mara nyingi imefuatana na mistari miwili midogo zaidi ya kodi. Taarifa inasema nini kilishindikana, stetimenti inasema kushindwa huko kumekugharimu nini. Kuzisoma zikiwa zimelazwa pamoja juu ya meza ni uchokozi, na mwongozo huu hauupendekezi.

Hatua ya pili: Usisome sababu

Sababu ya kurudishwa huwa maneno mawili matatu, na wapole hudhani siku zote ni "salio halitoshi". Waache wadhani hivyo, kwa sababu wanaosoma hugundua mambo yasiyofaa. Makato yanaweza kurudi kwa kuwa idhini ilishafutwa, au mkopo ulishaisha na mkopeshaji amesahau kujiondoa. Yanaweza kurudi kwa kuwa namba ya akaunti imekosewa tarakimu moja, au kwa kuwa mkopeshaji ameomba 285,000 wakati idhini inasema 185,000.

Ni sababu ya kwanza tu, ya salio, inayomwangukia mwenye akaunti bila mjadala. Hizo nyingine zina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe huyo ni aliyetuma ombi. Kwa hiyo mtu akiona taarifa inasema idhini imefutwa, halafu stetimenti inamkata ada ya salio kutotosha, ana swali zuri la kwenda nalo tawini. Wewe huna, kwa sababu hukusoma.

Kuna mtego mwingine hapa wa kuuepuka. Kwenye orodha ya ada za benki, makato yanayovutwa na mkopeshaji na standing oda ni mistari miwili tofauti, na bei zake zinaweza kutofautiana. Standing oda umeiagiza wewe: unaiambia benki yako itume pesa kila mwezi. Makato ya moja kwa moja anayaanzisha mkopeshaji: anatuma ombi, lapitia mfumo wa kubadilishana malipo kati ya benki unaosimamiwa na Benki Kuu, benki yako inalipa au inalirudisha. Mtu mkorofi huangalia kama ada aliyokatwa imetoka kwenye mstari unaofanana na aina ya malipo yaliyotajwa kwenye taarifa. Mpole haombi hata kuiona hiyo orodha, ingawa benki inatakiwa kuiweka wazi kwa wateja.

Hatua ya tatu: Liamini salio kubwa

Tarehe 20 Juni mwalimu wetu alikuwa na 192,000 kwenye akaunti. Rejesho ni 185,000. Hata mtoto wa darasa la pili ataona zimebaki 7,000. Lakini makato yakarudi, na sababu ni salio halitoshi.

Mtu mpole hapa huchagua kati ya mambo mawili: ama analia kwamba benki ni wezi, ama anasema benki haikosei na yeye ndiye hajui hesabu. Yote mawili yanafaa, mradi asiulize akaunti yake ina kiwango cha chini kiasi gani. Ya mwalimu ilikuwa na kiwango cha chini cha 10,000, pesa ambayo ni yake ila haiguswi. Salio alilokuwa analiona ni la kwenye leja, na salio lililokuwa linapatikana kwa matumizi ni 182,000. Zilipungua 3,000. Hali hiyo hiyo humpata mtu aliyewekewa hundi ambayo haijakomaa, au ambaye benki imezuia sehemu ya pesa zake kwa sababu nyingine: stetimenti inaonyesha pesa, ila pesa haitoki.

Kwa hiyo kurudishwa kule kulikuwa halali, kwa bahati mbaya. Mwongozo huu unasikitika kukiri kwamba siyo kila ada ni ya uonevu, na kwamba anayekwenda tawini kupinga ada halali hupoteza nguvu ya kupinga ile isiyo halali.

Hatua ya nne: Ongeza pesa ile ile iliyopungua

Baada ya kuelezwa kwamba zilipungua 3,000, mwalimu akawa mjanja. Tarehe 21 alipita kwa wakala pale Ipogolo akaweka 5,000. Hesabu yake ilikuwa safi: 182,000 jumlisha 5,000 ni 187,000, rejesho litapita na chenji itabaki. Mkopeshaji akajaribu tena tarehe 22. Yakarudi tena.

Huu ndio uzuri wa ada ya makato yaliyoshindikana. Inakatwa kwenye akaunti ile ile ambayo imeshindwa kwa kukosa pesa. Tarehe 20 mwalimu alikatwa jumla ya 12,980, ambayo tutaichambua baadaye. Leja ikashuka hadi 179,020. Ukitoa kiwango cha chini, zinazotumika ni 169,020. Lile pengo la 3,000 likawa pengo la 15,980 usiku mmoja, bila mwalimu kununua hata kiberiti. Alipoweka 5,000 alipunguza pengo likawa 10,980. Ada ya kwanza ndiyo iliyohakikisha ada ya pili inapatikana.

Anayetaka kuharibu mpango huu hufanya jambo moja: baada ya taarifa ya kwanza, hafungi pengo la jana. Anatazama salio linalopatikana baada ya ada, kisha anaweka tofauti yake na rejesho lote. Au anampigia mkopeshaji na kumwomba asijaribu tena hadi tarehe 24. Anaweza hata kufungua ile fomu aliyoisaini, aone kama inamruhusu mkopeshaji kujaribu zaidi ya mara moja kwa mwezi, na afungue orodha ya ada aone kama benki hutoza kwa kila jaribio au kwa kila rejesho. Hayo mawili ndiyo yanayoamua kama ada ya pili ni halali. Kwa mfano wetu tuseme fomu inaruhusu jaribio la pili, na benki hutoza kila jaribio. Basi mwalimu anadaiwa ada mbili. Mbili.

Hatua ya tano: Usihesabu

Tarehe 24 mshahara ukaingia, rejesho likavutwa, kila mtu akafurahi. Mwisho wa mwezi stetimenti ya mwalimu ilikuwa na mistari hii, ambayo hapa tumeifupisha:

- Tarehe 20: ada na kodi 12,980, salio 179,020
- Tarehe 21: amana kwa wakala 5,000, salio 184,020
- Tarehe 22: ada na kodi 12,980, salio 171,040
- Tarehe 24: mshahara umeingia, rejesho 185,000 limetoka
- Tarehe 25: ada na kodi 12,980

Mpole anaona 12,980 tarehe 25 na kusema, ndiyo, si nilikosa kulipa mwezi huu? Haoni kwamba siku hiyo deni lilikuwa limeshalipwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwa hakika habari haikuja, kwa kuwa taarifa za kurudishwa alizokuwa nazo mwalimu zilikuwa mbili tu.

Hiyo ndiyo hesabu ambayo mwongozo huu unakuomba usiifanye: weka taarifa zote za mwezi upande mmoja, mistari yote ya ada upande mwingine, kisha kila taarifa ichague mstari wake. Zichaguane kwa namba ya kumbukumbu kwanza, kwa tarehe baadaye, na kwa kiasi mwisho kabisa. Kiasi hakisaidii, maana ada zote zinafanana. Mstari utakaobaki bila mwenzake ndio wa kuulizwa.

Lakini subiri kidogo kabla ya kupiga kelele, kwani hapa ndipo hata wakorofi huteleza. Stetimenti nyingi zina safu mbili za tarehe. Moja ni siku muamala ulipoandikwa, na nyingine, inayosomeka "Value Date", ni siku unayohesabiwa kuanza kazi. Ada ya tarehe 22 inaweza kuandikwa tarehe 25 kwa sababu ya wikiendi au kuchelewa kwa mfumo, na hapo hujaonewa, umecheleweshewa tu. Ukienda tawini na ada iliyochelewa ukaiita ada hewa, utarudi umenywea.

Utajuaje? Mstari wa tarehe 25 wa mwalimu ulikuwa na "Value Date" ya tarehe 22 na namba ya kumbukumbu ya taarifa ya pili. Kama ungekuwa peke yake, ungekuwa ada ya pili iliyochelewa kuandikwa. Ila ule wa tarehe 22 nao una namba hiyo hiyo na tarehe hiyo hiyo. Jaribio moja la kuvuta pesa limezaa ada mbili. Hakuna namna nzuri ya kueleza hilo isipokuwa kukiri kwamba limetozwa mara mbili.

Hatua ya sita: Usiguse kodi

Orodha ya ada ya benki ya mwalimu inasema makato yakirudi ada ni 10,000. Yeye amekatwa 12,980. Watu wapole hugawanyika hapa makundi mawili: wanaosema "wameongeza 2,980 yao ya chai" na wanaosema "labda ni mambo ya serikali". Kundi la pili liko karibu na ukweli, lakini halijui kwa nini, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Ada za benki Tanzania Bara hubeba kodi mbili. Kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, na kuna VAT ya asilimia 18, ambayo ilianza kutozwa kwenye ada za huduma za fedha Julai 2016. Kwenye orodha za ada huwa kuna sentensi ndogo, aghalabu chini kabisa ya ukurasa, inayosema kama bei zimejumuisha kodi au la. Sentensi hiyo ina thamani kuliko ukurasa wote.

Ikisema zimejumuisha, mwalimu alipaswa kukatwa 10,000 basi. Ikisema hazijajumuisha, chukua 10,000, ongeza ushuru wa bidhaa 1,000. Kisha VAT: ikikokotolewa juu ya 11,000 inatoka 1,980, jumla 12,980. Ikikokotolewa juu ya ada peke yake inatoka 1,800, jumla 12,800. Tofauti ya majibu hayo mawili ni 180, na benki ndiyo inayopaswa kukuambia imetumia njia ipi na kwa nini. Jambo la kujua ni kwamba majibu yanayoeleweka ni hayo matatu. Ukikuta 13,500, au 12,980 mwezi huu na 12,800 mwezi ujao kwa ada ile ile, una barua ya kuandika.

Kama stetimenti imeunganisha ada na kodi kwenye mstari mmoja, mkorofi hugawanya jumla kwa 1.298. 12,980 inarudi kuwa 10,000 kamili. Isipotoka namba nzima inayofanana na orodha ya ada, anajaribu 1.28. Isipotoka tena, anavaa viatu.

Hatua ya saba: Lalamika kwa mdomo, kwa mtu asiyehusika

Ukilazimika kwenda tawini, nenda saa sita mchana tarehe ya mshahara, usibebe karatasi, na mwendee keshia badala ya dawati la huduma kwa wateja. Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Kamwene, dada."

"Kamwene, mwalimu. Karibu."

"Mmenikata pesa."

"Pole, mwalimu. Mfumo ndio unakata."

"Basi sawa. Ahsante."

Hapo malalamiko yamekwisha kushughulikiwa, na hakuna aliyeyaandika popote. Unaweza pia kumchanganyia dada wa watu faini ya mkopeshaji. Ile penalti ya kuchelewesha rejesho haiko kwenye stetimenti ya benki. Iko kwenye taarifa ya mkopo, na mwenye majibu ni mkopeshaji aliyeko Mbeya. Ukiwa umezijumlisha zote ukasema "mmenikata elfu arobaini na kitu", benki itakanusha kwa haki kabisa, na ile 12,980 yako itazikwa humo humo.

Wakorofi hufanya tofauti. Wanaandika barua ya ukurasa mmoja: namba ya akaunti, mistari miwili yenye namba moja ya kumbukumbu, kiasi, na ombi moja linaloeleweka, yaani kurudishiwa ada ya tarehe 25 pamoja na kodi zake. Wanaambatanisha taarifa mbili za kurudishwa, stetimenti iliyopigiwa mstari na ukurasa wa orodha ya ada. Wanabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa tawi, na wanaomba namba ya lalamiko. Wanaheshimu jambo ambalo wapole hawalijui: Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019, zinataka uanze na benki yako mwenyewe. Benki Kuu hupokea lalamiko pale benki yako inapokaa kimya au inapokupa jibu lisiloridhisha, na kwa watu wa ukanda huu tawi lake liko Mbeya mjini. Anayekwenda huko bila nakala yenye muhuri ataambiwa kwa adabu arudi alikotoka.

Hatua ya nane: Ukirudishiwa, shangilia upesi

Tuseme, kwa bahati mbaya, mwalimu alikuwa mkorofi na barua yake ikajibiwa. Siku chache baadaye ujumbe unaingia kwenye simu: akaunti yako imewekewa 10,000. Wapole hapo hupiga vigelegele, husimulia kijiwe kizima na kuchana karatasi zote.

Hesabu ya mwisho ni fupi. Alikatwa 12,980, amerudishiwa 10,000. Aliyebonyeza kitufe alirudisha mstari wa ada akaacha mistari miwili ya kodi, na zimebaki 2,980 ambazo ni za mwalimu, kwa sababu ada ikifutwa hakuna tena kitu cha kutozwa ushuru wala VAT. Marejesho kamili yanatakiwa yawe mistari mitatu: 10,000, 1,000 na 1,980, au mstari mmoja wa jumla yake.

Ukitaka kumaliza kipole, achana nazo. Ukitaka kumaliza vibaya, chukua namba ile ile ya lalamiko, usifungue lalamiko jipya, waandikie mistari miwili: mmerudisha ada, kodi zake bado. Na kabla hujaomba stetimenti mpya ya kuthibitisha, uliza kwanza kuichapisha wanatoza shilingi ngapi kwa ukurasa, na kama bei hiyo imejumuisha kodi.